Uso umevimba, mkojo una protini: nefritiki au nefrotiki?

*"Daktari, shikamoo. Nasoma udaktari, mwaka wa tatu. Kila nikikutana na swali la mtoto aliyevimba uso na mwenye protini nyingi kwenye mkojo, nachagua nefrotiki, na karibu nusu ya mara nakosa. Jedwali la tofauti nimelikariri lote. Nakosea wapi?"*

Marahaba. Jedwali lako halina shida. Unakosea pa kuanzia. Unaanza na uvimbe, unaongeza protini, unafunga hesabu. Na hivyo viwili ndivyo sindromu zote mbili huwa navyo. Kinachozitenga kimo kwenye mashapo ya mkojo na kwenye presha. Uvimbe usome mwisho, ukiwa tayari unajua unautafutia nini.

Kabla ya kukupa mgonjwa, turudi kwenye ukuta wa kichujio, maana mengine yote yanatoka hapo. Ukuta wa glomeruli una tabaka 3. Upande wa damu kuna seli za endotheli zenye matundu. Katikati kuna utando wa msingi, uliosukwa hasa kwa kolajeni aina ya 4. Upande wa mkojo kuna podositi, seli zenye vidole vingi vinavyopishana kama vya mikono miwili iliyofumbatana, na kati ya kidole na kidole kuna mwanya mwembamba uliozibwa na kiwambo chenye protini iitwayo nefrini.

Sasa jiulize: jeraha liko upande gani wa ukuta huo? Likiwa kwa podositi, liko mbali na damu. Seli nyeupe zinazopita kwenye mshipa hazilioni, kwa hiyo hakuna uvimbe-joto, hakuna ukuta kupasuka. Kinachoharibika ni uchujaji wenyewe: vidole vya podositi vinalala na kubapa, kiwambo kinapoteza mpangilio wake, na albumini inapita kama maji kwenye chekecheo. Seli nyekundu bado ni kubwa mno kupita kwa wingi. Hiyo ndiyo nefrotiki.

Jeraha likiwa upande wa damu, kwenye endotheli au kwenye mesanjiamu inayoshikilia mishipa hiyo midogo, mambo hubadilika. Michangamano ya kinga ikitua hapo, komplimenti inawashwa, neutrofili zinaitwa, na zinapofika zinafanya mambo mawili kwa pamoja. Zinatoboa ukuta, seli nyekundu zikapenya. Halafu zenyewe, pamoja na seli za mesanjiamu na endotheli zinazoongezeka, zinajaza nafasi ya mshipa, damu ikakosa pa kupita na uchujaji ukashuka. Ndiyo nefritiki: damu kwenye mkojo kwa sababu ukuta umepasuka, mkojo kidogo na presha juu kwa sababu mshipa umezibika. Protini nayo inapita, maana ukuta uliopasuka haubagui, lakini kwa kawaida si kwa wingi ule wa nefrotiki, kwa kuwa damu inayochujwa ni kidogo.

Haya, mgonjwa. Mvulana wa miaka 8, uzito kilo 25. Siku 3 zilizopita mama aliona kope zake zimevimba asubuhi. Mkojo umepungua na umekuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Wiki 2 kabla ya hapo aliumwa koo, likapona lenyewe. Presha yake ni 138/92 mmHg. Kijiti cha mkojo kinasoma damu 3+ na protini 3+. Kreatinini ya damu ni 140 µmol/L, albumini ni 32 g/L. Mkojo aliokusanya kwa saa 24 ni mililita 250.

Najua ulichofanya ulipofika kwenye "protini 3+" na "albumini 32". Uliona protini nyingi, uliona albumini iliyoshuka, ukakumbuka kope zilizovimba, ukaandika nefrotiki. Mtunga swali alikuwa anakungojea hapo hapo.

Tuanze na kile kijiti. Kijiti hakipimi protini iliyopotea kwa siku. Kinapima albumini ilivyokolea kwenye tone ulilolichovya. Katika vijiti vingi 1+ ni takriban 0.3 g/L, 2+ ni takriban 1 g/L, na 3+ ni takriban 3 g/L. Mtoto huyu anakojoa robo lita kwa siku. Gramu 3 kwa lita, mara lita 0.25, unapata gramu 0.75 kwa siku. Kiwango cha nefrotiki kwa mtoto huchukuliwa kuwa takriban miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ambayo kwa kilo 25 ni gramu 1.25. Kwa hiyo 3+ yake ya kutisha iko chini ya kiwango. Mkojo ni mchache na umekolea, ndiyo maana rangi ya kijiti imepanda. Kinyume chake kipo pia: mtu anayekojoa lita 3 kwa siku anaweza kusoma 2+ tu huku akipoteza gramu 3.

Ndiyo sababu wodini hatutegemei kijiti kwa kiasi. Tunaomba uwiano wa protini kwa kreatinini kwenye mkojo wa mara moja. Kreatinini hukolea pamoja na protini, kwa hiyo ukigawanya, suala la wingi wa maji linajifuta. Tuseme maabara imerudisha protini 280 mg/dL na kreatinini 180 mg/dL: uwiano ni 1.56. Kwa mtoto, nefrotiki huanzia 2. Kwa mtu mzima tunazungumzia gramu 3.5 kwa saa 24, au uwiano wa kama 3 hadi 3.5. Ukipewa namba hizi kwenye swali, fanya hesabu kabla ya kusoma machaguo. Ukipewa kijiti peke yake, usikiamini kwa kiasi. Kiamini tu kinapokuambia kwamba protini ipo.

Na albumini ya 32? Imeshuka, ndiyo, lakini kidogo. Mtoto huyu amejaa maji, na albumini yake imezimuliwa na maji hayo kama vile hemoglobini yake ingezimuliwa ukiipima. Nefrotiki ya mtoto huyu huyu ingemletea albumini chini ya 25, mara nyingi chini ya 20. Namba iliyo mpakani isikusukume popote. Iweke kando, endelea.

Sasa mashapo, ambako swali hili linaamuliwa. Mkojo uwe mbichi, usizidi saa 1 au 2 tangu utoke. Chukua mililita 10, zungusha kwenye sentrifuji kwa dakika 5 kwa kasi ya wastani, mwaga maji ya juu, bakiza nusu mililita, tikisa taratibu, weka tone chini ya kioo. Punguza mwanga wa hadubini, maana kasti ni kitu hafifu na mwanga mkali unaifuta machoni. Anza na lenzi ya chini na utembee pembezoni mwa kioo, kwa kuwa kasti hupenda kujikusanya huko. Nimeona fomu nyingi zilizoandikwa "hakuna kasti" na mtu aliyetazama katikati tu, kwa taa iliyowaka yote, kwenye mkojo wa tangu asubuhi. Kasti huyeyuka katika mkojo uliokaa, na huyeyuka haraka zaidi mkojo ukiwa mwepesi au wa alkali. Kutoziona hakufuti nefritiki.

Unachotafuta ni kasti za seli nyekundu: vijiti vyenye kingo sambamba, rangi ya chungwa au kahawia, ndani vimejaa seli nyekundu zilizobanana. Thamani yake iko kwenye jinsi vinavyotengenezwa. Mirija ya figo hutoa protini iitwayo uromodulini, ambayo huganda kama jeli ndani ya mrija wa mbali na mrija mkusanyaji. Seli nyekundu zikiwa ndani ya mrija wakati jeli inaganda, zinanaswa humo, na kijiti kinatoka na umbo la mrija. Damu ya kibofu au ya jiwe la ureta haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu imeingia kwenye mkojo baada ya mirija hiyo kupita. Kwa hiyo kasti moja tu ya seli nyekundu inakuambia damu imetoka ndani ya figo, na kwa mgonjwa kama huyu maana yake ni glomeruli.

Kando ya kasti, tazama seli nyekundu moja moja. Zilizopenya kwenye ukuta uliopasuka na kupita kwenye mirija yenye chumvi inayobadilikabadilika hutoka zimeharibika umbo: nyingine zimekunjamana, nyingine zina uvimbe mdogo mdogo uliochomoza kama masikio. Hizo za masikio huitwa akanthosaiti, na ni ushahidi mzuri wa glomeruli hata kasti zisipopatikana. Seli zenye umbo zuri la duara, hasa zikija na mabonge ya damu, zinakuelekeza chini, kwenye kibofu au njia ya mkojo. Rangi nayo inasaidia: damu ya glomeruli hukaa ndani ya mkojo wenye asidi hadi hemoglobini ikageuka kahawia, ndiyo maana mama anasema chai na si damu.

Kuna mtego mmoja wa kijiti niuseme hapa, kwa sababu watunga maswali wanaupenda. Kijiti kikisoma damu 3+ halafu hadubini isionyeshe seli nyekundu, kijiti kimeona hemoglobini iliyotoka kwenye seli zilizopasuka ndani ya mishipa, au mioglobini ya misuli iliyosagika. Hapo hatuzungumzii sindromu ya nefritiki kabisa.

Kwa mtoto wetu hadubini imeonyesha seli nyekundu zilizoharibika umbo na kasti 2 za seli nyekundu. Mpaka hapa unaweza kuandika nefritiki, lakini twende kwenye presha ili ituthibitishie.

Presha ya 138/92 kwa mtu mzima utasema imepanda kiasi. Kwa mtoto wa miaka 8, hata 120/80 tayari iko juu. Wanafunzi wengi huipita namba hii kwa sababu wanaisoma kwa macho ya mtu mzima, na huenda hilo nalo linakugharimu alama. Imepanda kwa sababu uchujaji umeshuka huku mirija ikiendelea kunyonya chumvi. Chumvi inavuta maji, mishipa inajaa. Renini yake utaikuta iko chini, kwa kuwa mwili unajua kwamba umejaa. Ukimlaza, mishipa ya shingo inaonekana imejaa. Ukisikiliza kifua chake, unaweza kukuta mikwaruzo ya maji chini ya mapafu. Mtoto wa aina hii haugui sana kwa sababu ya uvimbe wenyewe. Anachoweza kupata usiku huo ni maji kwenye mapafu, au presha kupanda hadi akaumwa kichwa, akaona giza na kupata degedege.

Sasa ndipo tunapokuja kwenye uvimbe, na hapa nataka tukae kidogo, maana swali lako lilianzia hapa.

Kope zilizovimba asubuhi hazitofautishi chochote. Ngozi ya kope ni laini na haina mafuta mengi chini yake, kwa hiyo maji ya ziada, yawe yametoka wapi, huonekana huko kwanza mtu akilala chali. Ifikapo jioni yameshuka miguuni. Tofauti iko kwenye wingi, na kwenye kile kinachoambatana nao.

Uvimbe wa nefritiki ni maji yaliyofurika kutoka kwenye mishipa iliyojaa. Mara nyingi ni wa wastani: uso, vifundo vya miguu, kilo moja au mbili zilizoongezeka. Lakini presha na mapafu vinaonyesha shida kubwa kuliko uvimbe unavyodokeza. Uvimbe wa nefrotiki huwa mwingi: ukibonyeza, kidole kinaacha shimo, tumbo linajaa maji, kifua kinakusanya maji pembeni ya mapafu, korodani zinavimba hadi ngozi inang'aa. Na katikati ya maji yote hayo, presha ya mtoto mara nyingi ni ya kawaida na mishipa ya shingo imelala. Ukiona mwili umejaa maji lakini mishipa haikujaa, fikiria nefrotiki.

Kwa nini hivyo? Jibu la mtihani ni kwamba albumini ikishuka, nguvu ya onkotiki inayovuta maji ndani ya mshipa inapungua, maji yanatoka, kiasi cha damu kinapungua, aldosteroni inaamka, figo linashikilia chumvi. Ukiulizwa, chagua hilo. Lakini usiliamini lote. Kuna watu wachache waliozaliwa karibu bila albumini kabisa, na uvimbe wao ni mdogo. Pia mtoto wa nefrotiki akipewa prednisoloni na dawa ikamkubali, huanza kukojoa maji mengi kabla albumini yake haijarudi mahali pake. Kwa hiyo kuna kitu kingine ndani ya figo lenyewe. Tunachojua ni kwamba plazminojeni, protini ya damu inayovuja pamoja na albumini, inageuzwa kuwa plazimini ndani ya mrija, na plazimini hukata sehemu ya milango ya sodiamu kwenye mrija mkusanyaji na kuifungua. Figo linanyonya chumvi hata bila kuamriwa na aldosteroni. Kwa baadhi ya wagonjwa sababu hii ndiyo kubwa, na hao mishipa yao haiko tupu. Kwa wengine, hasa watoto ambao albumini imeshuka ghafla, mishipa kweli imepungukiwa.

Tofauti hiyo ina uzito kwenye matibabu. Mtoto wetu wa nefritiki unampunguzia chumvi na maji, unampa furosemaidi, na presha inashuka pamoja na uvimbe. Ukimpa dozi kubwa ya furosemaidi mtoto wa nefrotiki ambaye mikono yake ni ya baridi, mapigo yanakwenda mbio na hematokriti imepanda, unamnyang'anya maji machache yaliyobaki ndani ya mishipa. Damu yake tayari inaganda kwa urahisi, kwa sababu antithrombini nayo imemwagika kwenye mkojo. Ukikausha mishipa, unamkaribisha kwenye bonge la damu kwenye mshipa.

Hebu sasa tumbadilishe mtoto huyu huyu, maana naona hapo ndipo utakapojifunza. Umri ni ule ule, kope zimevimba vile vile, ila sasa ni wiki 2 tangu zianze, na suruali haifungi kwa sababu ya tumbo. Mkojo una povu lisilotoweka upesi na rangi yake ni ya kawaida. Presha ni 96/60. Kijiti: protini 4+, damu alama hafifu. Uwiano ni 7. Albumini ni 15 g/L, kreatinini 40 µmol/L, kolesteroli imepanda, kwa kuwa ini linalohangaika kufidia protini linatengeneza pia lipoproteini kwa wingi. Kwenye hadubini hakuna kasti za seli nyekundu; kuna seli za mirija zilizobeba matone ya mafuta, na ukiweka vichujio vya mwanga wa polaraizi, matone hayo yanang'aa kila moja likiwa na umbo la msalaba. Huyu hana haja ya biopsi kwa kuanzia. Kwa umri huu, picha hii ni ugonjwa wa mabadiliko madogo mpaka ithibitike vinginevyo, na anaanzishiwa prednisoloni. Hadubini ya kawaida ingeonyesha glomeruli iliyo safi. Ni hadubini ya elektroni pekee ingeonyesha vidole vya podositi vilivyobapa.

Umeona ile "damu alama hafifu"? Iliwekwa makusudi. Takriban mtoto 1 kati ya 5 wenye ugonjwa wa mabadiliko madogo huwa na seli nyekundu kidogo kwenye mkojo, na idadi kama hiyo huanza na presha iliyopanda kidogo. Seli chache nyekundu hazigeuzi nefrotiki kuwa nefritiki. Kinachogeuza ni kasti, seli zilizoharibika umbo, mkojo wa chai, kreatinini inayopanda. Vikija pamoja, usibishane navyo.

Na kuna magonjwa ambayo kweli yamesimama pande zote mbili, kwa sababu jeraha liko pande zote mbili za ukuta. Lupasi ya figo yenye glomeruli zilizojaa seli, na glomerulonefraitisi ya membrano-proliferativu, zinaweza kukupa kasti za seli nyekundu na gramu 5 za protini kwa siku kwa mgonjwa mmoja. Mtunga swali akikupa hivyo, hakukosea kuandika. Anataka useme mchanganyiko. Kwa watu wazima presha nayo inapoteza makali yake kama alama. Mwenye kisukari cha miaka mingi atakuwa na protini ya kiwango cha nefrotiki na presha ya juu kwa pamoja, mashapo yakiwa matulivu. Mwenye makovu ya sehemu ya glomeruli, ile tunayoita fokali segmentali, vilevile. Hapo rudi kwenye mashapo: yakiwa matulivu, presha peke yake haikupi nefritiki.

Kuna jambo moja la patholojia litakalokuchanganya siku moja, bora ulisikie sasa. Mtoto wetu wa kwanza, ukimfanyia biopsi, hadubini ya elektroni itaonyesha nundu za kinga upande wa nje wa utando wa msingi, chini ya podositi. Utajiuliza: si nilisema upande wa podositi ni nefrotiki? Nundu hizo ndizo zinazoonekana kirahisi, lakini kilichowaita neutrofili ni mashapo ya kinga yaliyo upande wa damu, chini ya endotheli na kwenye mesanjiamu. Katika ugonjwa wa utando wa glomeruli, yaani nefropathia ya membranasi, kinga zimetua chini ya podositi tu, komplimenti inawashwa huko huko, na vipande vyake vinavyoita seli nyeupe vinasombwa na mkojo badala ya kurudi kwenye damu. Matokeo yake ni nefrotiki safi. Kwa hiyo ukiona neno "chini ya podositi" kwenye swali, tazama kama kuna neutrofili ndani ya glomeruli kabla ya kuamua.

Nilikuficha kipimo kimoja cha mtoto wa kwanza: C3 yake iko chini. Pamoja na koo la wiki 2 zilizopita, hiyo ni glomerulonefraitisi baada ya streptokoka. Tazama muda kwa makini. Baada ya koo huchukua wiki 1 hadi 3. Baada ya vidonda vya ngozi, wiki 3 hadi 6. Swali likisema mkojo mwekundu ulianza siku 1 au 2 tu baada ya koo kuuma, na C3 ni ya kawaida, mtunga swali amekupeleka kwenye nefropathia ya IgA. Kama kreatinini inaendelea kupanda siku hadi siku, hilo ni jambo lingine tena: fikiria glomerulonefraitisi ya kwenda kasi yenye hilali kwenye biopsi, na ujue kwamba hapo kila siku inayopita glomeruli nyingine zinapotea.

Kwa mtoto wetu, nikishamtoa wodini, ningempangia kurudi. Mkojo wa chai hutoweka ndani ya wiki chache, presha hutulia mapema, protini huchukua muda zaidi, na seli nyekundu chache za hadubini zinaweza kubaki kwa miezi kadhaa bila kuwa na tatizo. C3 ndiyo ninayoisubiri: inapaswa kurudi ndani ya wiki 6 hadi 8. Ikifika wiki ya 12 na bado iko chini, ule utambuzi wa streptokoka haukutosha, na biopsi ambayo hatukuifanya mwanzoni tunaifanya sasa, tukitafuta glomerulonefraitisi ya C3 au lupasi.